Mbao Ile Ile, Vipimo Viwili

Chukua mbao ya unene wa milimita 75 na kimo cha milimita 300, uilaze juu ya egemeo mbili zilizoachana mita 3, kisha uweke mzigo wa tani moja katikati. Itashuka kama milimita 3.6. Fomula ya kawaida ya kupinda, PL³/48EI, inatoa milimita 3.0 tu. Ile 0.6 imetoka wapi?

Mzigo hauikunji mbao tu. Unaisukuma pia nyuzi juu ya nyuzi, mfano wa rundo la karata ukilisukuma kwa juu: kila karata inateleza kidogo juu ya mwenzake. Wahandisi huiita hali hiyo mkato. Kushuka kwa ajili ya mkato hupatikana kwa PL/4κGA, ambapo G ni ukakamavu wa mbao dhidi ya mteleko huo, A ni eneo la mkato wa mbao, na κ, kwa umbo la mstatili, ni 5/6.

Tazama herufi L. Katika kupinda imepandishwa mara tatu. Katika mkato iko mara moja tu. Egemeo zikisogezwa hadi mita 6, mbao hiyo hushuka milimita 24 kwa kupinda na 1.2 kwa mkato, na hapo hakuna fundi atakayejali. Zikikaribiana hadi mita 1.2, kupinda kunabaki milimita 0.19 huku mkato ukifika 0.23. Mdogo amempita mkubwa.

Kinachoamua basi ni urefu ukigawanywa kwa kimo, pamoja na aina ya kitu chenyewe. Kwa chuma, ukakamavu wa kuvutwa ni mara 2.6 hivi ya ule wa mkato, kwa hiyo boriti yenye urefu mara 10 ya kimo chake huongezewa asilimia 3 tu. Kwa mbao tofauti hiyo hufika mara 16, kwa sababu nyuzi zake huteleza kirahisi, na uwiano ule ule wa 10 unaleta asilimia 19. Nadhani hapa ndipo wengi waliozoea chuma hukosea.

Kosa hilo hujificha hasa maabara. Anayepima mbao kwa kipande kifupi, akasoma kushuka na kuligeuza kuwa ukakamavu kwa fomula ya kupinda peke yake, ataikuta mbao ya megapaskali 11,000 ikisoma 9,200 kwenye mita 3, na karibu 5,000 kwenye mita 1.2. Mbao haina ila. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya, EN 408, kinataka umbali wa mara 18 ya kimo. Ukitaka kujihakikishia, pima kipande kimoja kwa urefu mbili: ukakamavu ukipanda kadiri egemeo zinavyoachana, mkato umeingia.

Fomula hii nayo ina mwisho wake. Kwa zege, Eurocode 2 inaihesabu boriti yenye urefu chini ya mara 3 ya kimo kuwa boriti ya kina, na hapo mzigo huteremka kwa mshazari moja kwa moja kuelekea egemeo, kwa hiyo mhandisi huchora njia hizo za mgandamizo na mvuto badala ya kujumlisha kupinda na mkato.