Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Ndugu zetu, katika baraza la juzi baada ya swala ya Alasiri tulizungumza juu ya watoto wenye usonji, ambao baadhi yetu huwafungia chumbani wageni wabishapo hodi.

Mtoto wa miezi 18 haitiki jina lake, haelekezi kidole kwenye akitakacho, na maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Mtaani husemwa amepandwa na jini, au mamake alivunja mwiko akiwa mja mzito. Tuliwaambia waziwazi kwamba ni ubongo uliokua kwa njia nyingine, na mama hana kosa. Apimwe kwanza masikio, maana uziwi hufanana na hali hiyo. Kisha apelekwe kliniki ya watoto. Kombe hatukatazi, nasi huliandika. Lakini miezi ipoteayo kwa mganga ndiyo ambayo angefundishwa kuomba maji kwa ishara.

Mzee mmoja akauliza, “Na akipiga kelele msikitini?” Tukamkumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijda kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni.

Ijumaa iliyofuata baba mmoja alikuja na mwanawe. Walikaa safu ya nyuma, karibu na mlango.