Mvua, Giza na Maneno ya Upenuni

Wakuu wanaoshughulikia umeme wasitufahamu vibaya leo. Hatukusudii kuusifu ukosefu wa umeme. Tunaikumbuka vizuri ile Mei ya 2008, Unguja nzima ilipoingia gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, samaki wakaoza majokofuni na maji yakakosekana mabombani kwa kuwa pampu zilikuwa zimelala. Dhiki ile haina mtetezi. Hata hivyo, masika hayo hayo yalituonyesha jambo moja la vijana wetu, nalo tumeona si vibaya kulieleza.

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo palikuwa na nyumba ya bati yenye baraza chini ya upenu. Bibi mwenye nyumba alikuwa akikaa kizingitini na tasbihi yake, na mjukuu wake wa kiume akikaa nje na kandili. Jioni moja binti wa mtaa wa pili, akitoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, alishikwa na mvua. Akamwamkia bibi, akakaribishwa asubiri.

Basi kijana yule akauliza, "Dada, kwenu umeme umerudi?"

Kisiwa kizima kilijua kuwa haujarudi. Binti akajibu bila ya kugeuza uso, "Umerudi zamani. Tumeuzima tupate kulala."

Bibi alicheka kabla ya mjukuu wake.

Tumelitafakari sana swali lile. Mtu aulizapo jambo ambalo jibu lake linajulikana na wote, hatafuti habari; anauliza kama mwenziwe yu tayari kuzungumza. Binti angeweza kusema "bado" tu, na maneno yangeishia hapo, wala asingekuwapo aliyekataa wala aliyekataliwa. Hiyo ndiyo fadhila ya mvua na giza: ni shida ya wote wawili, na anayeitaja hahitaji kisingizio cha kusemesha. Kumsifu mtu uso wake siku ya kwanza ni kumtaka ajibu deni asilolikopa.

Na mvua ya masika juu ya bati ina kazi yake. Inapopiga kwa nguvu hapasikiki neno, na watu wawili huweza kunyamaza pamoja bila ya haya, kwani kimya hicho ni cha mvua, si chao. Inapopungua, kila mmoja huwa amekwisha kulitafuta neno lake. Jenereta halifanyi hivyo. Hilo hunguruma mfululizo, na waliokaa karibu nalo hupiga kelele mithili ya wachuuzi mnadani.

Jioni zilizofuata mafuta ya taa kwa akina binti yakawa yanakwisha upesi kuliko desturi. Alipopita, swali lilikuwa ni lake: "Leo nyinyi mmeuwasha?" Walitegeana vitendawili, wakabishana kama kibatari hula mafuta zaidi kuliko kandili. Usiku mmoja kijana alianza kulalamikia bei za vitu, akaendelea mno, na binti akaaga mapema. Malalamiko, ingawa ni ya haki, huugeuza upenu kuwa mkutano.

Lakini kosa kubwa lilikuja baadaye. Bibi alikuwa ameingia ndani kusali Isha. Kijana akapunguza utambi, akasogea. Binti hakusema kitu. Alichukua chupa yake akatoka mvuani, na mvua ilikuwa ni ile ya kumwagika. Giza humsitiri mwenye haya apate kusema, lakini kwa yule aliye peke yake giza hilo hilo huweza kuwa hofu, na asiyeuona uso wa mwenziwe hana budi ausikilize mwendo wake. Dalili ilikuwapo tangu utambi uliposhuka: majibu ya binti yalikuwa yamekuwa mafupi.

Siku tatu hakupita. Siku ya nne alipita kwa upande wa pili wa njia. Kijana hakumwita. Alikuwa ameiweka kandili kwenye ukingo wa baraza, utambi umepandishwa hadi kioo kinaingia moshi, naye amekaa upande wa bibi yake. Binti akasimama, akatazama, akasema, "Mtaunguza kioo hicho." Kisha akavuka.

Katikati ya Juni umeme ulirudi. Mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, na wale wawili, chini ya taa ya upenuni, walitazamana wasijue la kusema. Vingi vya aina hii hufia hapo, kwa kuwa vilikuwa vya giza tu. Bibi ndiye aliyesema, "Haya, sasa mtauliza nini?"

Kijana aliuliza ni siku gani shangazi yake anaweza kwenda kubisha hodi kwa akina binti.

Wana watoto watatu hivi sasa. Umeme ukikatika na mvua ikinyesha, majirani husikia mmoja akimwuliza mwenziwe kutoka chumba cha pili, "Huko kwenu umerudi?"