Dhahabu: Kwa nini mabenki hukosea bei, na namna ya kusoma utabiri wao

Mwezi wa nne mwaka 2020, Bank of America ilitangaza kwamba ndani ya miezi 18 wakia moja ya dhahabu itafika dola 3000. Siku hizo wakia, yaani gramu 31.1, ilikuwa karibu dola 1700. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Tuchukue mnunuzi wa Bukavu au Bunia aliyeiamini na kuficha gramu 100. Kwa bei ya London, mali yake ilikuwa na thamani ya dola 5470 hivi. Alingojea 9650. Miezi 18 ikatimia mwezi wa kumi 2021, wakia ikiwa karibu 1780: mali yake ikawa kama dola 5700. Kama alinunua kwa deni, riba imekula faida yote.

Bei hiyo ya 3000 ilikuja kweli, lakini mwezi wa tatu 2025, karibu miaka mitano baadaye. Wengine wanasema basi benki ilikuwa na haki. Mimi sikubali. Utabiri una bei na tarehe, na aliye na deni hulipa kwa tarehe.

Kosa lilitoka wapi? Benki ilijengea hesabu yake juu ya sababu moja: Banki Kuu ya Marekani inachapisha pesa nyingi kwa ajili ya korona, na riba iko karibu na sifuri. Dhahabu hailipi riba, kwa hiyo hupendwa wakati dola nayo hailipi kitu. Lakini mwezi wa kumi na moja 2020 chanjo ilitangazwa kuwa inafanya kazi, woga ukapungua, na wenye pesa wakaanza kuiacha dhahabu. Mwaka 2022 ikawa kinyume: riba ilipanda sana, kwa kanuni ileile dhahabu ingeanguka vibaya, lakini haikuanguka hivyo. Banki kuu za nchi mbalimbali zilinunua zaidi ya tani 1000 mwaka huo, baada ya akiba ya Urusi kufungiwa katika nchi za Magharibi. Mnunuzi huyo hakuwa na uzito kama huo katika hesabu za zamani.

Kuna pia tabia ya kutembea pamoja. Mwanzoni mwa 2024, chama cha soko la London, LBMA, kiliuliza wachambuzi wake wastani wa bei ya mwaka. Jibu lao lilikuwa 2059, karibu sawa na bei ya siku hizo. Mwaka ulimalizika na wastani wa 2386. Anayekosea pamoja na wenzake hafukuzwi kazi.

Kwa hiyo, ukiona namba kwenye simu, tafuta kwanza ilitolewa siku gani na bei ilikuwa ngapi siku hiyo. Kisha uliza kama ni bei ya mwisho wa mwaka au wastani, maana hizo ni mbili tofauti. Halafu tafuta neno “kama”: kama riba itashuka, kama vita itaendelea. Hilo “kama” likivunjika, namba imekufa, hata benki isipoifuta. Na kumbuka ni bei ya London kwa dhahabu safi. Kontuari ya kwetu itakata usafi, kodi na safari kabla ya kukupa chako.