Mbao za Nguzo: Zirudi Mara Ngapi?

Nguzo 24 za zege, kila moja ya inchi 8 kwa 8 na kimo cha futi 10. Boksi moja linahitaji mbao nne za futi 12: mbili za inchi 8, na mbili za inchi 10 zinazofunika kingo. Mirunda minne hulishikilia lisipinde.

Kumwaga zote kwa pamoja kunadai mbao 96 na mirunda 96. Fundi akitengeneza maboksi sita tu, mbao 24 zinazunguka mara nne.

Lakini mbao huumia. Tukikadiria moja kati ya kumi inaharibika kila zinapohamishwa, mara tatu ni kama saba za kufidia. Jumla 31, theluthi tu ya mbao 96! Kwa maboksi matatu jumla hushuka hadi 20 hivi, ila mizunguko inakuwa minane, na kibarua hulipwa kwa siku.

Ubavu wa nguzo hufunguliwa baada ya siku moja hivi. Mbao ikwanguliwe na kupakwa oili mapema. Ukingo uliomegeka huvujisha uji wa saruji, na nguzo hutoka na matundu kama sega la nyuki. Mbao hiyo isirudi kwenye boksi.