Mwongozo wa Majibu Unaoonyesha Njia

Vitabu vingi vya kiada hufunga kila sura kwa maswali ya zoezi. Baadhi huorodhesha majibu kurasa za mwisho, lakini mara nyingi ni tarakimu tupu. Mwanafunzi anayejisomea akikuta jibu lake halilingani na la kitabu, hajui amekosea wapi; likilingana, hajui kama amefika kwa njia sahihi au kwa bahati. Dawa yake ni kuandaa mwongozo wa usahihishaji wenye hoja ya kila hatua.

Kwanza maswali hujibiwa yote kwa kalamu, kitabu kikiwa kimefungwa, na kilichoandikwa hakifutwi. Mwongozo huandaliwa baadaye, kitabu kikiwa wazi, kwenye daftari jingine, bila kuyatazama majibu yale. Mpangilio huu una sababu: anayeandaa mwongozo huku jibu lake liko mbele yake huupinda ufanane nalo, mara nyingi bila kujua.

Chukua swali la fizikia katika sura ya joto: gramu 200 za maji yenye nyuzi 80 za Selsiasi zimechanganywa na gramu 300 za maji yenye nyuzi 20. Tafuta halijoto ya mchanganyiko, ikichukuliwa kwamba hakuna joto linalopotea. Mwongozo unaosema "nyuzi 44" tu haumsaidii mtu. Ulio kamili huanza na kanuni: joto lililotoka kwenye maji ya moto ni sawa na joto lililoingia kwenye maji baridi. Hiyo ni alama ya kwanza. Kwa kuwa pande zote mbili ni maji, kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja ni kilekile, hivyo hakina haja ya kuandikwa. Alama ya pili ni ya mlinganyo:

200(80 − t) = 300(t − 20)

Ya tatu ni ya kufungua mabano na kukusanya, 22 000 = 500t, na ya nne ni ya t = 44 pamoja na kipimo chake. Pembeni ya kila hatua huandikwa ukurasa wa kitabu ulikotoka.

Kabla ya kutumiwa, mwongozo wenyewe hupimwa, kwa sababu mwongozo wenye kosa ni mbaya kuliko kukosa mwongozo: humfundisha mtu kuacha jibu sahihi. Hapa kipimo ni rahisi. Maji ya moto yameshuka nyuzi 36, na 200 × 36 ni 7 200. Maji baridi yamepanda nyuzi 24, na 300 × 24 ni 7 200 pia. Hata bila hesabu, jibu lazima liwe kati ya 20 na 80, tena chini ya 50, kwa sababu maji baridi ndiyo mengi.

Kisha huongezwa sehemu ambayo vitabu vingi huiacha, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi: majibu ya makosa yanayotarajiwa na chanzo chake. Aliyepata 50 amechukua wastani wa halijoto mbili na kusahau kwamba uzito wa maji haulingani. Aliyepata 56 amebadilisha nafasi za 200 na 300. Makosa haya hayafanani. La kwanza linamrudisha kwenye kanuni, la pili linamtaka asome swali kwa utulivu.

Usahihishaji hufanywa kwa kalamu ya rangi nyingine, ikiwezekana kesho yake, hatua kwa hatua. Aliyeandika mlinganyo sahihi akafika 22 000 = 500t, kisha akagawanya vibaya na kupata 42, hupoteza alama ya mwisho tu. Aliyeandika 44 bila hatua yoyote hupewa alama ya jibu peke yake.

Maswali ya "eleza kwa nini" ndiyo yanayomjaribu mtu uaminifu. Kwa swali la kwa nini jasho hupoza mwili, mwongozo hutaja hoja mbili zinazotakiwa: jasho huvukizwa, na uvukizaji huo huchukua joto kutoka kwenye ngozi. Maneno yanaweza kutofautiana, lakini hoja lazima iwepo kwenye karatasi. Jibu la "jasho hukauka na mwili unapoa" lina hoja ya kwanza tu. Kupoa ndiko kulikoulizwa, na joto limekwenda wapi halikutajwa. Hapo alama ni moja kati ya mbili, hata kama msahihishaji anakumbuka vizuri kwamba hoja ya pili alikuwa nayo kichwani.