Hitori: fumbo la Japani linalokataza tarakimu kurudiwa na visanduku kutengwa

Kampuni ya uchapishaji ya Nikoli ya mjini Tokyo, Japani, inafahamika duniani hasa kwa kulieneza fumbo la Sudoku. Mwaka 1990 jarida la kampuni hiyo lilichapisha fumbo jingine lenye mwelekeo wa kinyume. Katika Sudoku mchezaji hupewa visanduku vitupu na kutakiwa avijaze. Katika fumbo hili, liitwalo Hitori, visanduku vyote vimekwisha kujazwa tarakimu, na kazi ya mchezaji ni kuziondoa zile zilizozidi.

Jina hilo limefupishwa kutoka katika maneno ya Kijapani "Hitori ni shite kure", yaani "niache peke yangu". Maneno hayo yanaeleza sharti la kwanza: katika kila mstari wa mlalo na kila safu ya wima, tarakimu isionekane zaidi ya mara moja. Ile inayorudiwa hupakwa weusi mpaka ibaki moja tu.

Masharti mengine ni mawili. Visanduku vyeusi visipakane ubavu kwa ubavu, ingawa vinaruhusiwa kugusana kwa pembe. Visanduku vyeupe navyo vibaki vimeungana vyote, hivi kwamba mtu anaweza kutoka katika kimoja hadi kingine chochote kwa kupita juu, chini, kushoto au kulia bila kukanyaga cheusi. Wanaoanza hulisahau mara nyingi sharti hili la mwisho, nalo ndilo linaloamua jibu.

Mfano ufuatao una mistari minne, 1 hadi 4, na safu nne, A hadi D.

```
    A B C D
1   1 4 3 4
2   2 3 4 2
3   4 4 2 1
4   4 1 3 3
```

Mahali pazuri pa kuanzia ni kisanduku kilichobanwa kati ya tarakimu mbili zinazofanana. Katika mstari wa 1, tarakimu 3 ya C1 imebanwa kati ya 4 ya B1 na 4 ya D1. Kama C1 ingekuwa nyeusi, majirani wake wote wawili wangelazimika kuwa weupe, na mstari huo ungekuwa na 4 mbili. Kwa hiyo C1 ni nyeupe. Wachezaji wengi huzungushia duara kisanduku cha namna hiyo kwa penseli ili wakumbuke kwamba hakiguswi tena.

Uamuzi huo unazaa mwingine papo hapo. Safu ya C ina 3 mbili, moja katika C1 na nyingine katika C4. Kwa kuwa C1 imekwisha kuthibitika kuwa nyeupe, C4 lazima ipakwe weusi. Na kwa kuwa C4 ni nyeusi, majirani wake B4, D4 na C3 lazima wawe weupe.

Hapo mchezaji anafika kwenye njia panda. Katika kona ya chini upande wa kushoto kuna 4 tatu: A3, B3 na A4. A3 iko katika mstari mmoja na B3, na katika safu moja na A4. Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ama A3 inapakwa weusi, na B3 na A4 zinabaki nyeupe kwa kuwa ni majirani wake. Ama A3 inabaki nyeupe, na hizo mbili zinapakwa weusi.

Mchezaji asiyejali sharti la tatu anaweza kuifuata njia ya pili bila kuona kasoro yoyote. Akipaka weusi B3 na A4, kisha akaongeza A2 na D1 ili kumaliza marudio yaliyobaki, atapata mchoro unaoonekana kuwa umekamilika. Hakuna tarakimu inayorudiwa katika mstari wala safu, na hakuna visanduku vyeusi vinavyopakana. Masharti mawili ya kwanza yametimia yote.

Hata hivyo jibu hilo si sahihi. Kisanduku B4, chenye tarakimu 1, kimezingirwa na A4 upande wa kushoto, C4 upande wa kulia na B3 juu yake, vyote vyeusi. Chini yake ni ukingo wa fumbo. A3 nayo imefungiwa kati ya A2, A4 na B3. Visanduku hivyo viwili vyeupe vimekuwa visiwa.

Kwa hiyo njia ya kwanza ndiyo pekee inayowezekana: A3 ni nyeusi. Yanayofuata yanajifungua yenyewe. B3 imekuwa nyeupe, hivyo 4 nyingine ya safu ya B, iliyo katika B1, inapakwa weusi. A2 ni jirani ya A3, hivyo ni nyeupe; kwa hiyo 2 nyingine ya mstari wa 2, iliyo katika D2, inapakwa weusi. Alama ya nukta hapa chini inasimama badala ya kisanduku cheusi.

```
    A B C D
1   1 . 3 4
2   2 3 4 .
3   . 4 2 1
4   4 1 . 3
```

Kila kisanduku cheupe kilichobaki kinapakana na angalau kimoja cheusi, kwa hiyo hakuna kingine kinachoweza kupakwa. Fumbo lina jibu moja tu, na limefikiwa bila kubahatisha.

Ipo njia ya kugundua mapema kwamba kisiwa kinakaribia kutokea. Visanduku vyeusi haviruhusiwi kupakana kwa ubavu, hivyo ukuta wa kuvitenga vyeupe unaweza kujengwa kwa pembe tu. Mchezaji hufuata mnyororo wa vyeusi vinavyogusana kwa pembe. Mnyororo ukianzia kwenye ukingo na kuishia kwenye ukingo, au ukizunguka na kujifunga kama pete, tayari kuna sehemu iliyotengwa. Katika jibu lisilo sahihi, A4, B3 na C4 ni mnyororo wa namna hiyo: unaanzia ukingo wa chini na kurudi papo hapo. Katika jibu sahihi hakuna hata vyeusi viwili vinavyogusana kwa pembe.

Katika fumbo la visanduku 16 jicho huuona mnyororo huo mara moja. Katika fumbo kubwa, mnyororo unaweza kuvuka ubao mzima, na kosa la mwanzoni likagunduliwa mwishoni kabisa. Wataalamu wa sayansi ya kompyuta Robert Hearn na Erik Demaine walithibitisha kwamba Hitori imo katika kundi la maswali ambayo majibu yake huhakikiwa kwa urahisi, lakini hakuna njia ijulikanayo ya kuyapata upesi kila mara kadiri ukubwa unavyoongezeka.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu hawasubiri hadi mwisho ili kulikagua sharti la tatu. Kabla ya kupaka kisanduku weusi, hutazama kwanza pembe zake nne, kisha ukingo ulio karibu. Tarakimu ndiyo inayotakiwa kubaki peke yake katika mstari wake. Kisanduku cheupe hakiruhusiwi kamwe kutengwa na wenzake.