Mlima Uliojificha Chini ya Ardhi
Katika Yi Jing, kitabu cha kale cha uaguzi cha Wachina, mchoro wa 15, Qian, yaani unyenyekevu, ni mlima uliofunikwa na ardhi. Mistari yake sita hupatikana kwa kurusha sarafu tatu mara sita, kuanzia chini.

Tuseme msichana anauliza kuhusu kijana mwenye haya, anayempenda lakini hathubutu kutamka. Katika mrusho wa pili sarafu zote zinaangukia upande wenye thamani ya 2. Jumla 6, mstari unaogeuka. Maneno yake yanataja unyenyekevu unaotoa sauti, kwa herufi iliyounganisha mdomo na ndege. Basi ukimya huo si ubaridi. Una sauti kwa anayesikiliza. Ukigeuka, huzaa mchoro wa 46, Sheng, kupanda taratibu kama mti. Siku ya kutamka haitajwi.